Shauri la kwanza liliishaje? Mitego miwili katika maswali ya shauri la pili

Katika mitihani ya mwenendo wa mashauri ya madai kuna swali ambalo hurudi kila mara likiwa limebadilishiwa nguo. Mtu alifungua shauri, shauri likaisha kwa namna fulani, muda ukapita, sasa amefungua jingine juu ya jambo lile lile, na mtahiniwa anaulizwa kama hilo la pili linaweza kusikilizwa. Jumamosi huwa nakaa na wanafunzi wachache wa sheria hapa Dodoma wanaojiandaa na mitihani, na nimeona kwamba wanaoanguka katika swali hili mara nyingi ni wale waliosoma vizuri. Masharti ya kanuni ya shauri lililokwisha kuamuliwa wanayataja bila kuangalia daftari, na miaka ya ukomo wa muda wanayo kichwani. Tatizo lao ni kwamba wakishathibitisha kuwa kanuni ya kwanza haimzuii mdai, wanaweka kalamu chini. Kanuni ya kwanza inauliza kama jambo limekwisha kuamuliwa. Ya pili inauliza siku zimehesabika vipi tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Jibu jema kwa swali moja mara nyingi ndilo linalomtupa mdai kwenye makali ya swali la pili.

Nitatumia kisa kimoja cha kubuni, kisha nitabadilisha jambo moja moja ndani yake. Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la urekebu la 2019, na mwenye toleo jipya zaidi azilinganishe na kitabu chake.

Mdai ni mama mfanyabiashara wa mahindi, mkazi wa Mpwapwa, anayeuzia katika soko la Kibaigwa wilayani Kongwa. Mdaiwa ana mashine ya kukoboa na kusaga nafaka katika Jiji la Dodoma. Tarehe 16 Februari 2016 mama alimkabidhi mdaiwa, hapo Kibaigwa, magunia 800 ya kilo mia mia kwa bei ya shilingi 55,000 kwa gunia, jumla shilingi 44,000,000, na mkataba wao wa maandishi ulisema malipo yote yatakuwa yamefanyika ifikapo 30 Juni 2016. Siku ikapita na hakuna kilicholipwa. Mama alivumilia, akapigiwa hesabu za ahadi za mdomo, hatimaye tarehe 14 Januari 2020 akafungua shauri katika Mahakama ya Wilaya ya Mpwapwa, kwa sababu ndiko anakoishi. Katika utetezi wake wa maandishi mdaiwa alisema yeye ni mkazi wa Dodoma, mkataba na makabidhiano yalifanyika Kibaigwa, na kwamba hakuna lolote katika mgogoro huo lililotokea Mpwapwa. Shauri liliahirishwa, likabadilishiwa hakimu, na uamuzi ukatoka tarehe 14 Septemba 2022: mahakama haina mamlaka, shauri linaondoshwa. Tarehe 10 Januari 2023 mama akafungua shauri la pili katika Mahakama ya Wilaya ya Dodoma.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kuhusu lugha, kwa sababu mtego wa kwanza umejificha humo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na hilo limetuletea shida ndogo ambayo haikuwa wazi hapo awali. Mitaani tunasema kesi imefutwa, na neno hilo moja tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Kuna shauri linalotupwa, maana yake mahakama imelimaliza dhidi ya mdai. Kuna shauri linaloondoshwa, maana yake mahakama imeona kuwa kilicholetwa mbele yake hakikuwa shauri halali la kuamuliwa, kwa hiyo haikuamua kitu. Na kuna shauri ambalo mdai mwenyewe ameliondoa. Tofauti kati ya mawili ya kwanza ni ya zamani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliieleza mwaka 1959 katika rufaa ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, kwamba kutupa rufaa kunadokeza kuwa rufaa halali ilikuwepo na imemalizwa, ilhali kuiondosha kunadokeza kuwa hapakuwa na rufaa halali ya kumalizwa. Mwanafunzi akikuta swali limeandika "kesi ilifutwa" na kuishia hapo, asikimbilie jibu. Atafute katika maelezo sababu ya kufutwa, kwa maana hiyo ndiyo itakayomwambia ni lipi kati ya hayo matatu.

Sasa turudi kwa mama. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kinazuia mahakama kusikiliza jambo ambalo lilikuwa kiini cha shauri la awali kati ya watu wale wale, au wanaodai kupitia kwao, wakishindana kwa hadhi ile ile, mbele ya mahakama yenye uwezo wa kulisikiliza shauri hili la baadaye, na jambo hilo likasikilizwa na kuamuliwa kwa ukamilifu. Masharti hayo yanakwenda pamoja, na moja likikosekana kizuizi hakipo. Katika kisa chetu watu ni wale wale na deni ni lile lile, lakini Mahakama ya Mpwapwa haikuwa na mamlaka na haikuamua kama deni lipo au halipo. Kifungu cha 9 hakimgusi mama.

Hapa ndipo wengi wanapomaliza jibu. Mwanafunzi mmoja aliniletea jibu lake likiwa limechukua kurasa mbili kwa kifungu cha 9 peke yake, limepangwa vizuri, na sentensi ya mwisho ikisema mdai yuko huru kufungua shauri jipya. Nikamwomba achore mstari kwenye karatasi na kuweka tarehe nne tu: 30 Juni 2016, 14 Januari 2020, 14 Septemba 2022 na 10 Januari 2023. Alipofika kwenye tarehe ya mwisho akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, katika aya ya 7 ya sehemu ya kwanza ya jedwali. Haki ya mama ya kudai ilizaliwa siku ya malipo ilipopita bila malipo, kwa hiyo miaka sita ilikwisha mwishoni mwa Juni 2022, tusibishane juu ya siku moja. Shauri lake la pili liko nje ya muda kwa zaidi ya miezi sita. Na kifungu cha 3 hakisubiri mdaiwa alalamike. Kinasema shauri lililoletwa baada ya muda litatupwa, ukomo uwe umetajwa katika utetezi au usiwe umetajwa. Mahakama inaweza kuliona jambo hilo yenyewe.

Wanafunzi hujibu hapo kwamba lakini mama alikwisha kufungua shauri mwaka 2020, akiwa ndani ya muda. Ni kweli, ila kufungua shauri kunaliokoa shauri hilo hilo tu. Likiondoshwa, linaondoka na tarehe yake. Shauri la pili ni shauri jipya lenye siku yake ya kuzaliwa, na kwa hesabu ya kawaida siku zilizoliwa na shauri la kwanza nazo zimehesabika. Saa haikusimama kwa sababu ya jalada lililokuwa Mpwapwa.

Kinachoweza kumwokoa ni kifungu cha 21 cha Sheria ya Ukomo. Kinaruhusu kutohesabu muda ambao mdai alikuwa akiendesha shauri jingine dhidi ya mdaiwa huyo huyo, lenye chanzo hicho hicho cha madai, endapo aliliendesha kwa bidii na kwa nia njema katika mahakama ambayo haikuweza kulisikiliza kwa kukosa mamlaka au kwa sababu nyingine ya namna hiyo. Tukiutoa muda wa kati ya 14 Januari 2020 na 14 Septemba 2022, yaani miaka miwili na miezi minane, mwisho wa ukomo unasogea kutoka mwishoni mwa Juni 2022 hadi mwishoni mwa Februari 2025, na shauri la Januari 2023 linakuwa ndani ya muda kwa raha kabisa. Ukipenda kuhesabu kwa njia nyingine, mama alitumia miaka mitatu na miezi sita na nusu kabla ya kwenda Mpwapwa, na karibu miezi minne baada ya kutoka huko. Jumla haifiki miaka minne.

Kuwepo kwa kifungu cha 21 hakutoshi. Kanuni ya 6 ya Amri ya VII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka mdai anayefungua shauri baada ya ukomo aonyeshe katika hati ya madai sababu anayoitegemea ili muda usihesabiwe dhidi yake. Hili ndilo kosa ninaloliona hata katika hati zilizoandikwa na watu wenye uzoefu: hati inasimulia mahindi, bei na ahadi zilizovunjwa, na haisemi neno kuhusu Mpwapwa, pengine kwa aibu ya kushindwa kule. Inayosomwa ni hati, na hati hiyo inasema deni liliiva Juni 2016 na muhuri wa masjala unasema Januari 2023. Mdaiwa anainuka na pingamizi la awali, na kwa kuwa tarehe zote zimetoka kwa mdai mwenyewe, ni hoja safi ya kisheria isiyohitaji ushahidi, ya aina iliyoelezwa katika shauri la Mukisa Biscuit la 1969. Mama akitaka kumjibu kwa kusimulia habari za Mpwapwa kutoka mdomoni mwa wakili, anachelewa.

Aya inayohitajika si ndefu. Inaweza kusomeka hivi: "Kwamba muda kati ya tarehe 14 Januari 2020 na tarehe 14 Septemba 2022 haustahili kuhesabiwa, kwa kuwa katika kipindi hicho mdai alikuwa akiendesha kwa bidii na nia njema, dhidi ya mdaiwa huyu na kwa chanzo hiki cha madai, shauri katika Mahakama ya Wilaya ya Mpwapwa, ambalo liliondoshwa kwa mahakama hiyo kukosa mamlaka, nakala ya uamuzi imeambatishwa." Bado mama atatakiwa kuonyesha kwamba bidii na nia njema hiyo ilikuwepo, na mdaiwa ataweza kusema kuwa aliyeonywa na utetezi wa maandishi mapema kuwa yuko mahakama isiyo sahihi, akaendelea kuning'inia huko miaka miwili, hana bidii ya kujivunia. Mtahiniwa anayeyasema yote mawili, kisha akachagua upande kwa sababu, ndiye ninayempa alama. Binafsi ningesema kwamba ucheleweshaji uliosababishwa na kubadilishwa kwa hakimu hauwezi kubebeshwa mdai, ila ningependa kuona jalada linasema nini kuhusu nani aliomba maahirisho.

Badilisha jambo moja sasa. Chukulia kwamba shauri la kwanza lilifunguliwa katika mahakama sahihi, likaondoshwa kwa sababu hati ya madai haikuwa na uthibitisho unaotakiwa chini yake. Kwa kifungu cha 9 hakuna tofauti, bado hakuna kilichoamuliwa. Kwa ukomo tofauti ni kubwa, maana mahakama ilikuwa na uwezo wote wa kusikiliza, na kasoro ilikuwa kwenye karatasi ya mdai. Ni vigumu kuiita kasoro ya namna hiyo sababu inayofanana na kukosa mamlaka, na uzembe ni jirani mbaya wa bidii. Mdai huyu anaweza kuwa hana kizuizi cha uamuzi wa awali na bado akawa amekufa kwa ukomo.

Wengine huleta dawa isiyo yake: wanashauri mama aombe kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14. Kifungu hicho kinahusu rufaa na maombi. Hakihusu kufungua shauri. Kwa shauri, mlango uliopo ni kifungu cha 44, ambao haufunguliwi na mahakama: Waziri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa, yaani kwa mkataba miaka 3. Ni mlango mwembamba, na katika mtihani unatosha kutajwa kwa sentensi mbili.

Badilisha tena. Safari hii mama alichelewa tangu mwanzo. Shauri la kwanza lilifunguliwa Machi 2023 katika mahakama sahihi, hakuna aliyetoa ushahidi, na likatupwa kwa kuwa nje ya muda. Mwanafunzi anasema: halikusikilizwa kwa kina, kwa hiyo halikuamuliwa, kwa hiyo anaweza kurudi na hati iliyoboreshwa inayodai kwamba mdaiwa alilipa sehemu ya deni mwaka 2021. Hoja yenyewe ya malipo ina uzito wake, kwa sababu kifungu cha 27 kinaufanya ukomo uanze upya pale mdaiwa anapolipa sehemu ya deni. Ila imekuja mlango usio wake. Mahakama ya Rufaa katika shauri la Olam Uganda Limited dhidi ya Tanzania Harbours Authority, Rufaa ya Madai Namba 57 ya 2002, ilishikilia kwamba shauri likitupwa kwa ukomo limemalizwa katika mahakama hiyo, na mdai hawezi kulirudisha hapo hapo kwa sura nyingine. Asiyeridhika apande juu. Hata pale hakimu alipoandika "linaondoshwa" wakati sababu aliyotoa ni ukomo, neno lake halimwokoi mdai. Katika Rufaa ya Madai Namba 27 ya 2003 Mahakama ya Rufaa ilitazama kilichotakiwa kufanyika kwa kifungu cha 3, ambacho ni kutupa, na ikalichukulia jambo kama lililotupwa. Ndiyo maana nilisema sababu itafutwe. Neno la amri ni dalili nzuri, lakini sababu ndiyo inayotawala.

Namna nyingine za kuisha zinapita haraka. Mdai akiliondoa shauri mwenyewe kwa ruhusa ya kufungua jipya, kizuizi cha uamuzi hakipo, lakini Amri ya XXIII inasema waziwazi kwamba ukomo utahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa. Akiliondoa bila ruhusa hiyo, amejifungia mlango. Shauri likitupwa kwa sababu mdai hakufika ilhali mdaiwa alifika, anayemzuia kufungua jipya ni Amri ya IX yenyewe, na dawa ni kuomba lile la kwanza lirudishwe. Wasipofika wote wawili, anaweza kufungua jipya, ukomo ukiruhusu. Wanaoeleza mambo haya kwa kifungu cha 9 wanafika karibu na jibu kwa njia isiyo yake, na msahihishaji makini huliona hilo.

Limebaki badiliko ambalo mimi hulipenda kuliko yote, kwa sababu linawageuza wahusika. Chukulia shauri la Januari 2023 lilisikilizwa na mwaka 2024 mama akashinda shilingi 44,000,000. Mwaka 2025 mwenye mashine anamshitaki mama. Anasema magunia 160 kati ya yale 800 yalikuwa yameliwa na dumuzi, kwamba alilazimika kuyatupa, na anadai shilingi 8,800,000. Swali linakuja na vishawishi vyote: mdai wa sasa ndiye aliyekuwa mdaiwa, kiasi ni kingine, na dumuzi hakutajwa popote katika shauri la kwanza. Wanafunzi wengi wanaandika kwamba ni jambo jipya.

Kubadilishana viti hakubadilishi watu. Na kuhusu dumuzi, maelezo ya nne ya kifungu cha 9 yanasema jambo ambalo lingeweza na lilipaswa kuletwa kama hoja ya kushambulia au ya kujitetea katika shauri la awali litahesabiwa kuwa lilikuwa kiini chake. Ubovu wa sehemu ya mahindi yale yale ni utetezi wa wazi dhidi ya madai ya bei ya mahindi yale yale. Aliyepokea mzigo Februari 2016 alikuwa na nafasi ya kulisema alipojibu shauri la Mpwapwa, akapata nyingine alipojibu shauri la Dodoma, na kote alizungumzia mambo mengine. Amezuiwa. Hata asingezuiwa, mzigo mbovu kama ulikuwepo ulikabidhiwa Februari 2016, miaka sita ikaisha Februari 2022, na kifungu cha 21 hakimsaidii kwa kuwa miaka yote hiyo hakuwa akiendesha dai lolote la kwake. Mitego yote miwili imemnasa mtu mmoja, na jibu kamili linaitaja yote miwili hata kama mmoja ungetosha.

Ila soma tarehe tena. Kama swali lingesema kwamba magunia hayo 160 yalitoka katika mzigo mwingine, uliokabidhiwa Agosti 2021 kwa mkataba wake na kwa stakabadhi yake, basi shauri la mama halikuuhusu mzigo huo, mdaiwa hakuwa na wajibu wa kuuleta humo, na miaka yake sita inakwenda hadi Agosti 2027.